Mkia wa kitenzi cha Kikorea: jinsi ya kumwandikia meseji mkubwa wako kazini, na jinsi ya kumwandikia rafiki

Sisi tukitaka kumheshimu mtu, heshima tunaitanguliza. Shikamoo inatoka kwanza, marahaba inajibu, kisha mazungumzo yanaendelea kwa vitenzi vilevile ambavyo tungemwambia rika letu: umekula, umefika, utakuja. Mkorea hufanya kinyume. Kitenzi chake hukaa mwisho wa sentensi, na heshima hukaa mwisho wa kitenzi. Kila sentensi inapofungwa, anakuwa amesema upya yule anayemwandikia ni nani kwake. Ndiyo maana salamu nzuri ya mwanzo haiwezi kuokoa mkia mbovu wa sentensi ya tatu.

Ana kwa ana, mgeni husamehewa mengi. Anainama, anapokea karatasi kwa mikono miwili, anashusha sauti. Kwenye KakaoTalk, programu ya meseji ambayo Wakorea huiita kwa kifupi 카톡 (katok), hakuna mwili wala sauti. Kilichobaki ni silabi za mwisho, na msomaji anazipima hizo.

Mwongozo huu ni wa mtu anayesoma Hangul, herufi za Kikorea, tayari na anayejua vitenzi vichache. Matamshi niliyoandika kwa herufi zetu ni ya kukaribia tu. Sauti ya ㅓ, kwa mfano, naiandika "o", ingawa mdomo hufunguka zaidi ya o yetu.

Hatua ya kwanza: chagua mkia kwa kumtazama anayesoma

Sarufi ya Kikorea ina ngazi sita za namna hii, lakini kwenye meseji za leo tatu ndizo zinazofanya karibu kazi yote. Chukua kitenzi 하다, kufanya, katika wakati uliopita:

했어 (hesso)
했어요 (hessoyo)
했습니다 (hessumnida)

Zote tatu maana yake ni "nilifanya". Ya kwanza ni 반말 (banmal), lugha ya marafiki, ya mkubwa kwa mdogo, na ya ndugu wa nyumba moja. Ya pili ni ileile iliyoongezwa 요 (yo). Ina adabu na ina ukaribu kidogo, na ndiyo lugha ya dukani, ya majirani, na ya wafanyakazi waliozoeana. Ya tatu ni ya rasmi: taarifa ya habari, hotuba, na ripoti kwa mkubwa.

Kuzijenga si kazi kubwa. Mzizi ukiishia kwa irabu unapachika ㅂ chini yake kisha 니다: 가- inakuwa 갑니다. Ukiishia kwa konsonanti unaongeza 습니다: 먹- inakuwa 먹습니다. Mizizi yenye ㄹ mwishoni huiangusha hiyo ㄹ, hivyo 만들- inakuwa 만듭니다. Katika matamshi, ㅂ iliyo mbele ya ㄴ hugeuka m, kwa hiyo 합니다 husomwa "hamnida". Kazini utakuwa ukiripoti ulichofanya na ukiahidi utakachofanya, yaani 했습니다 na 하겠습니다. Ukizishika hizo mbili vizuri utakuwa umebeba sehemu kubwa ya meseji zako.

Kwa mkubwa wa kazini, anza na -습니다. Ukishamzoea unaweza kuichanganya na -어요 ndani ya meseji moja, na Wakorea wenyewe hufanya hivyo kila siku: taarifa, shukrani na ahadi zinakwenda kwa -습니다, na katikati panapita sentensi moja mbili za -어요 ili maneno yasikakamae. Meseji yenye -습니다 tupu kutoka mwanzo hadi mwisho husikika kama ya askari. Jeshini kulikuwa na kanuni iliyoitwa 다나까 (danakka), kwamba sentensi ziishie kwa 다 au 까 na -요 isisikike, hadi ilipolegezwa mwaka 2016. Hata hivyo kukakamaa ni kosa dogo. Kulegea ndiko kunakokumbukwa.

Hatua ya pili: weka 시 kwa kumtazama anayetenda

Hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea, kwa sababu wanadhani heshima ni kitu kimoja. Ni vitu viwili vinavyotazama pande mbili. Mkia humtazama anayesoma. Kiambishi 시 (shi), kinachokaa kati ya mzizi na mkia, humtazama anayetenda.

Ukimuuliza mkubwa wako kama ameiona barua pepe, anayesoma ni yeye na anayetenda ni yeye, kwa hiyo unaweka vyote viwili: 메일 보셨습니까? au, kwa ulaini zaidi, 메일 보셨어요? (meil boshyossoyo). Ile 셨 ni 시 iliyoungana na alama ya wakati uliopita. Katika wakati uliopo, 시 ikikutana na -어요 hutoa 세요, na ndiyo unayoisikia kila mahali.

Sasa mwandikie rafiki yako kuhusu bibi yake: 할머니 오셨어? (halmoni oshyosso), yaani bibi amefika? Mkia ni wa banmal, kwa sababu anayesoma ni rafiki. Lakini 시 ipo, kwa sababu aliyefika ni bibi. Sentensi hii moja inafundisha kuliko kurasa kumi za kanuni, nami ningependa uikariri.

Ukiigeuza, unapata kosa la kawaida kabisa la mgeni mwenye nia njema: 제가 늦으실 것 같습니다. Anataka kusema "nadhani nitachelewa", na kwa hofu ya kukosa adabu amemwaga 시 mpaka juu ya kitenzi chake mwenyewe. Amejiheshimu mbele ya bosi wake. Sahihi ni 늦을 것 같습니다. Kitenzi chako hakibebi 시 hata siku moja, hata ukimwandikia mwenye kampuni.

Vitenzi vichache havipokei 시 kwa utaratibu huu bali hubadilika vyote. Kula, 먹다, huwa 드시다. Kulala, 자다, huwa 주무시다. Kitenzi 있다 kina mitego kwa sababu kina sura mbili. Mtu kuwepo mahali ni 계시다, hivyo 사무실에 계세요? maana yake upo ofisini? Mtu kuwa na kitu ni 있으시다, hivyo 시간 있으세요? maana yake una nafasi? Ukiandika 시간 계세요? umeuheshimu muda badala ya mtu.

Hatua ya tatu: jishushe wewe

Kumwinua mwenzako hakutoshi ikiwa wewe mwenyewe umesimama wima. Kwa rafiki "mimi" ni 나, na "changu" ni 내. Kwa mkubwa ni 저 na 제. Kosa hili huonekana haraka kuliko yote, maana 나 mara nyingi huwa neno la kwanza la sentensi.

Viko pia vitenzi vya kujishusha. Kutoa, 주다, unapompa mkubwa huwa 드리다. Kwa hiyo 보냈어, niliituma, huwa 보내 드렸습니다, na "nitakwambia" huwa 말씀드리겠습니다. Kuuliza huwa 여쭤보다. Kuonana huwa 뵙다, ndiyo maana "tuonane kesho" kwa rafiki ni 내일 봐 na kwa mkubwa ni 내일 뵙겠습니다. Ukitaka kusema hilo kwa -요, andika 내일 봬요. Wakorea wengi huandika 뵈요 na hukosea, kwa hiyo usiige unachokiona kwenye simu za watu.

Na "wewe"? Usiliandike. 너 ni ya rafiki, na 당신 ambayo kamusi hukupa ni ya wanandoa, matangazo, au ugomvi. Mkubwa huitwa kwa cheo kilichofungwa na 님: 과장님 (kwajang'nim) kwa mkuu wa kitengo, 팀장님 (timjang'nim) kwa kiongozi wa timu, au 선배님 (sonbenim) kwa aliyekutangulia tu. Zipo kampuni zilizoviondoa vyeo hivi, kama CJ iliyoanza mwaka 2000 kuwaita wote kwa jina na 님. Ukijikuta katika ofisi ya namna hiyo, jua kwamba kilichoondoka ni cheo. Mkia wa heshima umebaki, na kule huwa wa pande zote mbili.

Hatua ya nne: omba, usiamuru

Vitabu hufundisha kwamba -세요 ni adabu, na ni kweli kwa dereva au muuza duka. Lakini bado ni amri iliyovaa nguo nzuri. 확인하세요 (hwaginhaseyo) kwa mkubwa wako ni sawa na kumwambia "hakikisha". Hata ukiiongezea urasmi, 확인하십시오, inazidi kusikika kama tangazo la ukutani.

Unachohitaji ni kuigeuza amri iwe ombi. Njia fupi, na yenye kutumika mno maofisini, ni nomino pamoja na 부탁드립니다 (butak-turimnida), naomba: 확인 부탁드립니다. Njia laini zaidi ni swali: 확인해 주실 수 있을까요?, unaweza kunihakikishia? Sisi nasi tunayo hiyo, "naomba unisaidie" badala ya "nisaidie", kwa hiyo hisia yake utaishika upesi.

Kwa rafiki ombi kama hilo lingemshangaza. Mwambie 봐봐, hebu tazama, na imetosha.

Hatua ya tano: jibu fupi lisikuangushe

Meseji nyingi za kazini unazotuma ni neno moja la kukubali, na hapo ndipo watu hulegea. 응 (ung) na kifupi chake ㅇㅇ ni za rafiki peke yake. 네 (ne) ni adabu, lakini ikikaa peke yake kwenye skrini huonekana baridi. Kwa sababu hiyo wafanyakazi wa Korea wameikumbatia 넵 (nep), ambayo ina mchapuko wa mtu aliyesimama tayari. 넹 (neng') ina madeko, iache mpaka mkubwa mwenyewe awe ameitumia.

Kuna tofauti moja ambayo kamusi haioneshi. 알았어요 na 알겠습니다 zote ni "nimeelewa". Ya kwanza ina 요, kwa hiyo mgeni huona ni salama. Lakini mkubwa akikuagiza kazi nawe ukajibu 알았어요, husikika kama "haya basi, nimesikia". Miezi yangu ya kwanza ofisini nilimjibu hivyo kiongozi wangu kila siku, mpaka dada mmoja wa meza ya jirani aliponivuta pembeni akaniambia kwa upole niandike 알겠습니다. Kiongozi hakuwa amesema neno. Hilo ndilo linaloumiza katika jambo hili: anayekosewa hakwambii, anapunguza tu kuongea nawe.

Mwisho wa siku, 수고하세요, ambayo maana yake ni kama "endelea na kazi njema", mwambie muuza duka. Wakubwa wengi hawapendi kuambiwa hivyo na mdogo. Andika 오늘 감사했습니다, kisha 내일 뵙겠습니다.

Kisa kimoja, meseji mbili

Una kikao saa tatu na nusu asubuhi Seoul, treni ya chini ya ardhi imesimama, na utafika saa tatu na dakika arobaini na tano. Nyaraka za kikao ulizituma jana usiku kwa barua pepe. Rasimu yako ya kwanza kwa 과장님 ni hii:

안녕하세요. 나 지하철 때문에 늦어요. 자료 보냈어요. 봐요.

Kila sentensi ina 요, na bado meseji nzima imekosa adabu. Hakuna cheo. 나 imeingia mahali pa 저. 늦어요 inatangaza kuchelewa kama jambo lililokwisha kuamuliwa, bila kuomba radhi. 보냈어요 haijamshusha mtumaji. 봐요 ni amri. Irekebishe hivi:

과장님, 안녕하세요.
지하철이 지연되어 15분 정도 늦을 것 같습니다. 죄송합니다.
회의 자료는 어젯밤에 메일로 보내 드렸습니다.
시간 되실 때 확인 부탁드립니다.
도착하면 바로 말씀드리겠습니다.

Kwa Kiswahili: treni imechelewa, nadhani nitachelewa kama dakika 15, samahani, nyaraka za kikao nilikutumia jana usiku kwa barua pepe, ukipata nafasi naomba uzihakiki, nikifika nitakujulisha mara moja. Itazame 시 ilipokaa. Ukiacha ile iliyomo ndani ya salamu 안녕하세요, ipo mara moja tu, kwenye 되실, maana hapo ndipo nafasi inayotajwa ni ya mkubwa. Vitenzi vya kuchelewa, kutuma na kufika ni vyako, na havina kitu. 저 haikuhitajika kabisa, kwa kuwa Kikorea huacha nafsi inayojulikana. Nayo 것 같습니다, "naona kama", imelainisha habari mbaya bila kuificha.

Mkubwa anajibu: 네, 천천히 오세요. 자료는 봤어요. Njoo taratibu, nyaraka nimeziona. Amekutumia -요. Hiyo haikupi ruhusa ya kushuka, kwa sababu mkubwa anaweza kukuandikia -요, banmal, au hata ㅇㅋ, yaani "sawa" ya mkato, nawe ukabaki pale ulipo. Mjibu 네, 감사합니다. 곧 뵙겠습니다.

Sasa tuseme anayekungoja ni rafiki yako wa rika moja:

야 나 지하철 멈춤 ㅠㅠ
15분 늦을 듯
파일 어제 보냈어 시간 될 때 봐봐
미안 금방 갈게

Habari ni zilezile. 야 (ya) ni mwito ambao kwa mkubwa ungekuwa tusi. 멈춤, "imesimama", imekatwa kwa ㅁ, mtindo wa kufunga kitenzi kama nomino ambao vijana huuita 음슴체 (umsumche). 늦을 듯 ni 늦을 것 같아 iliyofupishwa. ㅠㅠ ni macho yanayotoka machozi. 되실 imekuwa 될, na ahadi iliyofungwa kwa -겠습니다 sasa imefungwa kwa -ㄹ게, kwenye 갈게. Nukta hazipo, na hilo ni la makusudi: kwa marafiki, nukta baada ya neno fupi hufanya mtu aulize kama umekasirika.

Banmal haianzi yenyewe

Usidhani kwamba kumpenda mtu kunatosha kuiangusha 요. Wakorea husema 말 놓다, kuyaweka maneno chini, na jambo hilo huombwa. Walio rika moja huulizana 우리 말 놓을까요?, tuyaweke maneno chini? Swali lenyewe bado limebeba 요, maana ruhusa haijatolewa. Mmoja akikuzidi hata mwaka mmoja, ni yeye anayepaswa kulianzisha. Wewe mdogo unaweza kumwambia 말씀 편하게 하세요, zungumza nami kwa raha, lakini hapo unamruhusu yeye akushushie. Wewe hujaruhusiwa bado, na utaendelea na 요 mpaka aseme 너도 말 놔, nawe pia weka chini.

Baada ya kuruhusiwa, kurudi nyuma kuna maana yake. Rafiki wa banmal akikuandikia ghafla 알겠습니다, ama anatania, ama amejeruhika. Itazame meseji iliyotangulia. Na ikiwa rafiki huyo ni mfanyakazi mwenzako, mkia hufuata chumba mlichomo. Katika 단톡방 (dantokpang), kundi la ofisi nzima, unamwandikia kwa heshima ileile kama wengine, kwa sababu wakubwa wanasoma. Mkitoka humo, mnarudi kwenye ㅇㅇ zenu na vicheko vyenu vya ㅋㅋ.

Kabla ya kubonyeza kutuma

Soma meseji ya kazini kwa kuanzia mwisho wa kila sentensi. Inatakiwa kuishia kwa 요, 니다, au 니까, na hizi mbili za mwisho ziwe na ㅂ kwenye silabi iliyotangulia. Ile ㅂ ni muhimu, maana 바쁘니까, "kwa sababu nina shughuli", inaishia kwa 니까 na ni banmal tupu. Sentensi yoyote inayoishia kwa kitu kingine, hata nomino kama 확인 부탁, ifungue tena. Kisha tafuta kila 시, 셨 na 세, ujiulize nani anatenda. Mwisho tafuta 나 na 내.

Kwa rafiki, kipimo ni kilekile kikigeuzwa: ukiona 요 au 니다, ujue umemsogeza mbali.

Ikitokea meseji ya rafiki imeingia kwa mkubwa, kuifuta hakumalizi jambo, kwa sababu mahali pake hubaki alama ya ujumbe uliofutwa naye hubaki akijiuliza. Andika papo hapo:

죄송합니다. 다른 사람에게 보낼 메시지를 잘못 보냈습니다.

Samahani, nimekosea kutuma meseji ya mtu mwingine. Huyo mtu mwingine ni rafiki yako, kwa hiyo ameandikwa 사람에게, bila heshima ya ziada. Ungeandika 다른 분께, ungekuwa umemwinua rafiki yako mbele ya mkubwa unayemwomba radhi.